Kutoka Daftari la Maabara hadi Sehemu ya Mbinu: Mfano wa Upimaji wa Sianidi katika Unga wa Muhogo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maandishi ya kila siku katika daftari la maabara yanavyogeuzwa kuwa sehemu ya mbinu ya ripoti ya utafiti, yaani maelezo ya nyenzo, hatua na vipimo. Mfano unaotumika ni upimaji wa sianidi katika unga wa muhogo kwa karatasi za pikreti, kabla na baada ya unga kuloweshwa. Kurasa za daftari zilizomo zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, lakini utaratibu wa kikemia ni ule unaotumika katika maabara. Makala yanaonyesha kwamba mstari mmoja unaohusu unyevu, ukiachwa nje ya sehemu ya mbinu, hutosha kuufanya unga uliozidi kiwango kinachokubalika uonekane kuwa salama.

Utangulizi

Daftari la maabara hufuata kalenda. Mtafiti huandika alichofanya Jumatatu, kisha alichofanya Jumanne, pamoja na kilichoharibika na kilichorudiwa. Sehemu ya mbinu haifuati kalenda, bali hufuata mahitaji ya msomaji anayetaka kujua ni kitu gani kilichopimwa, kilifanyiwa nini, na namba zilipatikanaje. Kwa hiyo kazi ya kutoka daftari hadi sehemu ya mbinu si kunakili wala kufupisha. Kila sentensi ya daftari huvunjwa vipande, na kila kipande hupelekwa mahali pake. Katika uvunjaji huo ndipo taarifa hupotea, na mara nyingi zinazopotea ni zile ambazo mwandishi wa daftari alizichukulia kuwa ndogo.

Muhogo unafaa kwa mfano huu kwa sababu namba za maabara hufika haraka mezani kwa washauri wa sera. Mizizi yake ina linamarini. Mzizi unaposagwa au kutwangwa, kimeng'enya kiitwacho linamaresi huivunja linamarini hiyo kuwa glukosi na sianohidrini ya asetoni, ambayo nayo hutoa sianidi ya haidrojeni. Sianidi ikibaki kwa wingi katika chakula cha watu wasio na kitoweo cha kutosha chenye protini, huhusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla. Jina hilo limetokana na lugha ya Kiyaka ya Kongo, na ugonjwa wenyewe umerekodiwa pia Tarime, mkoani Mara, katika miaka ya 1980. Kiwango cha Codex cha unga wa muhogo unaoliwa, namba 176 cha mwaka 1989, kinataka jumla ya sianidi isizidi miligramu 10 kwa kilo, na unyevu wa unga usizidi asilimia 13. Mipaka hiyo miwili imo katika waraka mmoja, ingawa wengi huukumbuka wa kwanza tu.

Njia ya kulowesha, iliyoenezwa na mkemia J. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, hupunguza sianidi hiyo kwa gharama ndogo. Unga hutiwa bakulini na kusawazishwa, kisha alama huwekwa ndani ya bakuli usawa wa unga. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Mwanzoni kimo cha unga hushuka, kisha hupanda tena hadi kwenye alama, na hapo maji yametosha. Rojo hilo hutandazwa kwa tabaka jembamba kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Linamaresi iliyobaki katika unga huendelea na kazi yake, na gesi ya sianidi huondoka hewani. Unga hupikwa ugali siku hiyo hiyo.

Kurasa za daftari

Daftari la mfano ni la mtafiti aliyetaka kujua kama kulowesha juani kunaushusha unga wa sokoni hadi chini ya miligramu 10 kwa kilo. Kurasa zake zinasomeka hivi:

> *3 Machi.* Nimenunua unga wa makopa sokoni, wauzaji watatu, kilo 2 kwa kila mmoja. Mifuko A, B, C. Kabatini.
>
> *5 Machi.* Karatasi za pikreti. Pikriki g 1.4 (ile ya majimaji), kabonati ya sodiamu g 2.5, maji hadi mL 100. Zimekauka hewani, nimekata sm 3 kwa 1. Friji.
>
> *6 Machi.* Jaribio la kwanza, A B C, mara mbili mbili. Unga mg 100, kikaratasi chenye bafa pH 8 na kimeng'enya, maji mL 1. Nimefunga saa 10. Mezani, nyuzi 27.
>
> *7 Machi.* Nimesoma saa 4. Kiwango cha 50 kimetoa 0.071! Vifuniko vya boksi jipya havikazi. Nimetupa yote.
>
> *10 Machi.* Kulowesha A B C. Unga g 500 kila bakuli, maji hadi alama (mizani: g 625). Masinia, unene kama sm 1. Juani 4.30. Mawingu 5.15 hadi 5.40. Nimeingiza ndani 6.45. Sampuli kwenye vifuko vya nailoni, nimefunga fundo. Saa 10 nimepima na kufunga chupa, mara mbili mbili, vifuniko vya zamani, pamoja na unga mkavu. Nyuzi 27. Wakati huo huo unyevu: tanuri 105, usiku kucha.
>
> *11 Machi.* Nimesoma saa 4, nanomita 510. Blanki 0.000, mwisho 0.001. Kiwango 0.124. A mkavu: mg 101, 0.112. A uliolowa: mg 100, 0.022. B na C uk. 15. Unyevu A: 12% mkavu, 50% uliolowa.

Hili ni daftari zuri kuliko mengi. Lina tarehe, lina uzito halisi badala ya uzito uliokusudiwa, na limekiri kosa la vifuniko siku lilipotokea. Hata hivyo haliwezi kuchapishwa lilivyo, na sehemu ya mbinu ikiandikwa kwa haraka kutokana nalo inaweza kusema uongo bila mwandishi kukusudia.

Nyenzo: kukusanya nomino zilizotawanyika

Kazi ya kwanza ni kupitia kurasa zote na kuchukua kila kitu kilichoguswa: unga, karatasi, kemikali, chupa, mizani, tanuri, mashine ya kusomea. Vitu hivi vimetajwa siku tofauti, tena baadhi havikutajwa kabisa kwa sababu aliyeviandika alikuwa anaviona. Mizani ni mfano wa wazi. Daftari halisemi ni mizani gani, lakini uzito wa miligramu 101 unaonyesha kwamba ilisoma hadi miligramu 1. Jambo hilo linapaswa kuandikwa, kwani maabara nyingine ingepima "gramu 0.10" kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01, na hapo uzito halisi ungeweza kuwa popote kati ya miligramu 95 na 105.

Maneno "ile ya majimaji" yanahitaji kufasiriwa. Asidi ya pikriki huuzwa ikiwa imeloweshwa kwa maji kwa sababu ikikauka hulipuka. Gramu 1.4 za asidi yenye maji hazina pikriki nyingi kama gramu 1.4 za asidi kavu. Utaratibu wa kawaida wa karatasi hizi hutaja asilimia 1.4 ya asidi yenye maji, kwa hiyo mtafiti alifanya sawasawa. Atakayesoma "asidi ya pikriki, g 1.4" bila sifa hiyo atajaribu kukokotoa kiasi cha maji na kukiondoa, au, jambo baya zaidi, ataikausha.

Idadi ya sampuli nayo ni ya sehemu hii, na Kiswahili kina mtego wake hapa. "Mara mbili mbili" inaweza kumaanisha mifuko miwili, bakuli mbili zilizoloweshwa, au vipimo viwili kutoka bakuli moja. Katika daftari hili ni maana ya mwisho: mifuko ni mitatu, kila mmoja uliloweshwa mara moja, na kila rojo lilipimwa katika chupa mbili. Kwa hiyo idadi inayoweza kuzungumzia unga wa sokoni ni 3, si 6. Chupa mbili za rojo moja zinaeleza tu jinsi mkono wa mpimaji ulivyokuwa thabiti. Ni vema neno "marudio ya upimaji" litumike kwa chupa na "sampuli" kwa mifuko, na yasibadilishane nafasi hadi mwisho wa ripoti.

Kilichokosekana kabisa katika daftari hakitungwi. Aina ya muhogo haijulikani, na muda tangu makopa yasagwe haujulikani pia. Muda huo una uzito, maana nguvu ya linamaresi iliyobaki katika unga ndiyo inayofanya kazi wakati wa kulowesha. Sehemu ya mbinu itasema kwamba unga ulinunuliwa kwa wauzaji watatu sokoni na kwamba aina na umri wake havikurekodiwa. Sentensi hiyo haina fahari, lakini inamzuia mshauri wa sera kudhani kwamba matokeo yanahusu muhogo mchungu au mtamu.

Hatua: tarehe zinaondoka, muda unabaki

Tarehe zenyewe kwa kawaida hazimsaidii msomaji wa mbinu. Kinachomsaidia ni umbali kati yake. Unga ulikaa kabatini siku 7 kabla ya kuloweshwa, karatasi zilikaa kwenye friji siku 5 kabla ya kutumika, na chupa zilikaa zimefungwa usiku mmoja. Kila jozi ya tarehe au ya saa inageuzwa kuwa muda, na muda huo unaambatanishwa na kitenzi chake.

Hapa saa za Kiswahili zinahitaji uangalifu mkubwa, hasa katika kitabu kinachosomwa nchi kadhaa. Chupa zilifungwa saa 10 na kusomwa kesho yake saa 4. Mwenye daftari alimaanisha saa 10 alasiri na saa 4 asubuhi, yaani 16:00 na 10:00, na muda ni saa 18. Msomaji aliyezoea kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane ataona 10:00 na kesho yake 16:00, naye atapata saa 30. Utaratibu wa pikreti unataka chupa zikae kati ya saa 16 na 24. Kwa hesabu moja kipimo ni halali, kwa nyingine kimepitiliza. Dawa yake ni kutoandika saa ya ukutani kabisa, bali muda: "chupa ziliachwa zimefungwa kwa muda wa saa 18." Maneno "kwa muda wa" si mapambo, kwa sababu "uliachwa saa mbili" kunaweza kueleweka kuwa uliachwa ilipofika saa mbili asubuhi.

Ukokotoaji huo huo wa muda ndio unaofichua jambo ambalo daftari halikulisema waziwazi. Rojo lilitolewa juani saa 6.45 mchana, lakini halikufungwa chupani hadi saa 10. Kati ya hapo sampuli ilikaa kwenye kifuko cha nailoni kwa muda wa saa 3 na dakika 15 ikiwa bado imelowa, na kimeng'enya hakikupumzika kwa sababu mtafiti alikwenda kula. Linamarini iliendelea kuvunjika, na sehemu ya gesi huenda ilitoka fundo lilipofunguliwa. Kuandika kwamba unga "uliloweshwa na kuwekwa juani kwa muda wa saa 2" ni kuipa njia ya kulowesha sifa ya kazi iliyofanyika pia ndani ya kifuko. Muda wa jua wenyewe haukuwa saa 2 kamili: kuanzia 4.30 hadi 6.45 ni saa 2 na dakika 15, na ukitoa dakika 25 za mawingu inabaki saa 1 na dakika 50. Yote haya yanaandikwa kama yalivyotokea.

Kishawishi kikubwa katika hatua hii ni utaratibu uliochapishwa. Mtafiti anapoandika mbinu huwa nao mezani, na ni rahisi kunakili kutoka humo badala ya kunakili kutoka daftarini. Utaratibu unasema nyuzi 30. Daftari linasema mezani, nyuzi 27. Kinachoandikwa ni 27. Sarufi ya Kiswahili ina msaada wake hapa, kwani kiambishi *hu-* kinaeleza desturi na *-li-* kinaeleza tukio. "Chupa huwekwa kwenye nyuzi 30" ni sentensi ya mwongozo; "chupa ziliwekwa kwenye nyuzi 27" ni ushahidi. Rasimu ya mbinu iliyojaa *hu-* ni dalili kwamba mwandishi amehama kutoka daftarini kwenda kwenye mwongozo bila kujua. Mhariri anaweza kuigundua kwa kusoma vitenzi peke yake.

Nafsi ya kwanza ya daftari, "nimefunga", "nimesoma", inageuka kuwa kauli ya kutendwa: zilifungwa, zilisomwa. Mabadiliko haya ni mepesi. Pale tu wapimaji wanapokuwa zaidi ya mmoja ndipo kutajwa kwa mtendaji kunapohitajika.

Jaribio lililotupwa

Tarehe 6 na 7 Machi hazina matokeo yoyote yatakayoingia katika jedwali, na waandishi wengi wangezipita. Lakini ndizo zilizozaa uamuzi uliotawala kazi ya tarehe 10. Kikaratasi cha kiwango, chenye linamarini sawa na miligramu 50 kwa kilo, kilitoa ufyonzaji wa mwanga wa 0.071, ambao ni sawa na miligramu 28 tu. Karibu nusu ya gesi haikuifikia karatasi ya pikreti. Kwa kuwa kiwango hakina tatizo la unga, kosa lilikuwa la chupa, na vifuniko visivyokaza vilieleza tatizo hilo. Tarehe 11 kiwango hicho hicho kilitoa 0.124, sawa na miligramu 49.

Katika sehemu ya mbinu tukio hili linakuwa sentensi mbili: kwamba kila kundi la chupa lilikuwa na kikaratasi cha kiwango, na kwamba kundi moja lilikataliwa baada ya kiwango chake kusoma miligramu 28 badala ya 50. Inafaa kuongezwa kwamba kigezo cha kukataa hakikuwekwa kabla ya kazi kuanza. Mtafiti anayeandika "makundi yenye kiwango chini ya 45 yalikataliwa", kana kwamba sheria hiyo ilikuwepo tangu tarehe 3 Machi, anabadilisha historia ya kazi yake. Msomaji makini atataka kujua kama kundi lilikataliwa kwa sababu ya kiwango au kwa sababu namba za unga hazikupendeza. Daftari lina jibu, kwani mshangao wa mtafiti umeandikwa kando ya namba ya kiwango, wala si kando ya namba za mifuko.

Vipimo: kilicho nyuma ya namba

Karatasi ya pikreti iliyobadilika rangi kutoka njano kuelekea hudhurungi hutiwa katika mililita 5 za maji kwa muda wa dakika 30, kisha ufyonzaji wa maji hayo husomwa. Sianidi hukokotolewa kwa kanuni hii, ambamo A ni ufyonzaji na z ni uzito wa sampuli kwa miligramu:

```
HCN (mg/kg) = 396 × A × 100 / z
```

Swali la kwanza ni kama A imekwisha kutolewa blanki. Daftari halisemi, lakini linaonyesha. Blanki imesomwa 0.000 mwanzoni na 0.001 mwishoni, maana yake mashine iliwekwa sifuri kwa blanki yenyewe. Kama ingewekwa sifuri kwa maji matupu, blanki ya pikreti ingekuwa na namba yake, na namba hiyo ingepaswa kutolewa. Kwa sampuli yenye 0.022 tofauti hiyo si ndogo.

Kwa mfuko A mkavu hesabu ni 396 × 0.112 × 100 / 101, sawa na miligramu 43.9 kwa kilo. Kwa rojo la mfuko huo ni 396 × 0.022, sawa na miligramu 8.7. Mtu akiishia hapo atatangaza kwamba kulowesha kumeishusha sianidi hadi sehemu moja ya tano na kwamba unga sasa uko chini ya miligramu 10.

Tangazo hilo si sahihi. Miligramu 100 za rojo lile zilikuwa na maji nusu kwa nusu, kwa hiyo unga uliopimwa ulikuwa miligramu 50 tu. Sianidi imegawanywa kwa uzito ambao nusu yake ni maji ya bombani. Tarakimu za tanuri, zilizowekwa mwishoni kabisa mwa ukurasa kama nyongeza, ndizo zinazorekebisha jambo hili. Kwa msingi wa uzito mkavu, unga wa awali una 43.9 / 0.88, yaani 49.9, na rojo lina 8.7 / 0.50, yaani 17.4. Sianidi imeshuka hadi karibu theluthi moja, si moja ya tano. Ili namba ilinganishwe na kiwango cha Codex, inarudishwa kwenye unga wenye unyevu wa asilimia 13: 17.4 × 0.87 ni 15.1, na pasipo kukadiria njiani ni 15.2. Unga wa mfuko A haujafika kiwango. Umepungukiwa na sumu nyingi, na mlaji amefaidika, lakini ushauri wa kuuhesabu salama kwa saa 2 za jua haupati nguvu kutoka kipimo hiki.

Hivyo basi upimaji wa unyevu hauwi sentensi ya mwisho ya sehemu ya mbinu kama ulivyo mstari wa mwisho wa daftari. Unawekwa pamoja na kanuni ya sianidi, na msingi wa kila namba unatajwa kila mara namba inapotajwa. Ni bahati kwamba sampuli za unyevu zilichukuliwa saa 10, pamoja na zile za sianidi. Kama zingechukuliwa saa 6.45, rojo lingekuwa na unyevu mwingine, na marekebisho yasingewezekana kwa uhakika.

Jambo dogo la uandishi linabaki. Wasomaji wa Burundi, Rwanda na Kongo waliosoma kwa Kifaransa hutenga desimali kwa mkato, na wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa nukta. Ripoti itumie alama moja, na isitenge maelfu kwa alama hiyo nyingine.

Sehemu ya mbinu iliyokamilika

Kutokana na kurasa zile sita, maandishi yafuatayo yanapatikana:

> *Nyenzo.* Unga wa makopa ulinunuliwa kwa wauzaji watatu wa soko moja, kilo 2 kwa kila mmoja, ukahifadhiwa kabatini kwa siku 7. Aina ya muhogo na muda tangu kusagwa havikurekodiwa. Karatasi za pikreti zilitengenezwa kwa mmumunyo wa asidi ya pikriki yenye maji (1.4%) katika kabonati ya sodiamu (2.5%), zikakaushwa hewani, zikakatwa sm 3 × 1 na kuhifadhiwa kwenye friji kwa siku 5. Uzito wa sampuli ulipimwa kwa mizani inayosoma hadi mg 1.
>
> *Hatua.* Gramu 500 za unga wa kila mfuko zilichanganywa na gramu 625 za maji, kiasi kilichopatikana kwa kuongeza maji hadi rojo lifike alama ya unga mkavu bakulini. Rojo lilitandazwa kwenye sinia kwa unene wa sm 1 hivi na kuwekwa nje kwa muda wa saa 2 na dakika 15, ambamo dakika 25 zilikuwa za mawingu. Joto la rojo halikupimwa. Sampuli zilikaa kwenye vifuko vya nailoni vilivyofungwa kwa muda wa saa 3 na dakika 15 kabla ya kupimwa.
>
> *Vipimo.* Takriban mg 100 za unga mkavu au rojo ziliwekwa kwenye chupa pamoja na kikaratasi chenye bafa ya pH 8 na linamaresi, mL 1 ya maji na karatasi ya pikreti, marudio mawili kwa kila sampuli (sampuli 3). Chupa zilifungwa kwa muda wa saa 18 kwenye nyuzi 27 za selisiasi. Karatasi ziliwekwa katika mL 5 za maji kwa dakika 30, na ufyonzaji ulisomwa kwenye nanomita 510 baada ya mashine kuwekwa sifuri kwa blanki. Unyevu ulipimwa kwa sampuli zilizochukuliwa wakati huo huo, kwa kukaushwa usiku kucha kwenye nyuzi 105. Sianidi ilikokotolewa kwa kanuni iliyotajwa, ikaelezwa kwa unga wenye unyevu wa 13%. Kila kundi lilikuwa na kikaratasi cha kiwango cha mg 50 kwa kilo. Kundi la kwanza lilikataliwa baada ya kiwango chake kusoma 28 kwa sababu ya vifuniko visivyokaza. Kigezo hicho hakikuwa kimewekwa kabla. Katika kundi lililotumika kiwango kilisoma 49.

Mililita 5 na dakika 30 hazimo daftarini. Zimewekwa kwa sababu mtafiti alithibitisha kuwa alizifuata na kwa sababu kiwango kisingesoma 49 kama ujazo wa maji ungekuwa tofauti sana. Ushahidi wa aina hiyo unakubalika kwa ujazo, lakini usingekubalika kwa joto la rojo, ambalo hakuna kipimo kingine kinacholionyesha. Katika rasimu ya ndani, ambayo haichapishwi, kila sentensi huandikiwa pembeni namba ya ukurasa wa daftari ilikotoka, na sentensi ya mililita 5 ndiyo pekee isiyo na namba.